Mke wa Jua, Mke wa Alfajiri

Sugiya Devi alikuwa na mbuzi kumi na wawili, na kila mmoja alimjua kwa mlio. Kila Jumatano alikuwa mnadani tangu umande haujakauka, na katika miaka ishirini ya kununua na kuuza hakuna mchuuzi aliyewahi kumwachia mbuzi mwenye mba akaondoka naye bila kujua. Mtu wa namna hiyo hapotezi vitu. Kwa hiyo asubuhi ile alipopindua kitanda, akakung'uta magunia, akamwaga sanduku la bati lote sakafuni na kadi yake ya mpiga kura isionekane, hakujiuliza ameiweka wapi. Alijiuliza nani kaichukua.

Jibu halikuchukua hata dakika moja. Bilat.

Bilat Mahto alikuwa mtoto wa marehemu shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe. Nyumba zao zilitenganishwa na ukuta wa udongo na mzozo wa mifereji ya maji. Msimu huu chama kimoja kilikuwa kimemfanya wakala wake kijijini, na tangu hapo alitembea na kabrasha la karatasi kwapani, akisimama kwenye nyumba za watu, akinyoosha kidole kwenye orodha na kunong'ona. Juzi tu alisimama mlangoni pa Sugiya, akatazama ndani, akatazama karatasi, akaondoka bila hata kuomba maji. Mtu anayekutazama, halafu anatazama karatasi, halafu anakutazama tena, huyo ana hesabu zake.

"Mama Rekha, upo?" Sauti ilitoka uani.

Alikuwa Mwalimu Kumkum. Alifundisha darasa la pili, lakini wakati wa kuhakiki daftari la wapiga kura serikali ilimbebesha kazi ya kupita nyumba kwa nyumba, yeye na begi lake na simu yake iliyopasuka kioo. Aliolewa kijijini hapa miaka minne tu iliyopita, kwa hiyo alijua watu kwa majina ya watoto wao.

"Nipo, ila kadi yangu haipo," Sugiya alisema. "Imeibiwa. Na mwizi namjua, ukuta wake ule pale."

"Mama Rekha, taratibu. Ukuta una masikio."

"Ndiyo maana nasema kwa sauti."

Kumkum alikaa juu ya gunia lililopinduliwa. "Kwanza sikiliza. Kadi kupotea siyo jina kupotea. Kadi ni karatasi ya kukutambulisha tu. Cha maana ni daftari. Jina likiwemo, hata kadi ikichomwa moto utapiga kura kwa kitambulisho kingine kati ya vile vinavyokubaliwa. Jina lisipokuwemo, ukaja na kadi mpya inayong'aa, utarudishwa nyumbani."

"Basi angalia kama lipo."

"Namba ya kadi unaijua?"

"Mwalimu, mimi kusoma sijui, wewe unaniuliza namba."

"Basi tutatafuta kwa jina. Sugiya Devi. Jina la mume?"

Sugiya alivuta ncha ya sari kichwani. "Unalijua."

"Namjua Baba Rekha. Jina lenyewe?"

Mbuzi mmoja alikohoa. Kumkum akatabasamu kidogo, kwa sababu alielewa. Mwanamke wa vijiji vile hamtaji mumewe kwa jina. Ukilitaja unamkata umri, kila likitoka mdomoni siku moja inapungua. Baba Rekha alikuwa hai, yuko mbali mjini Surat, kwenye mashine za kufuma nguo, na miezi hii alikuwa na kikohozi. Sugiya hakuwa mtu wa kuamini kila kitu, ila alikuwa na kanuni moja ya biashara: usiweke rehani kitu usichoweza kukikomboa.

"Nipe kitambulisho chako kingine basi," Kumkum alisema. Sugiya akampa kile cha alama za vidole. Mwalimu akasoma kimyakimya, akaandika kwenye simu: Surujlal Mahto. Lilikuwa jina lenye jua ndani yake. Simu ikafikiri. Ikafikiri tena.

"Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna Sugiya Devi mke wa... wa huyo. Wilaya nzima."

Moyo wa Sugiya ulidunda mara moja, mdundo wa mtu aliyeambiwa mbuzi aliyelipiwa ametoroka. Mwaka huo jina likitoka daftarini haikuishia kwenye kura. Watu walianza kuulizana mambo mengine: huyu ni wa wapi, alikuja lini, nani anamjua. Mfua dhahabu wa kijiji cha jirani jina lake lilikatwa kwa makosa, na tangu hapo watu walinunua kwake wakimtazama pembeni. Mchuuzi anayetazamwa pembeni mnadani amekwisha. Nani atamkopesha mbuzi mtu asiyejulikana ni wa wapi?

"Kanifuta," alisema. "Kwanza kaiba kadi, sasa kafuta jina."

"Wakala hawezi kufuta jina, Mama Rekha. Anaweza kuleta pingamizi tu, na pingamizi husikilizwa." Kumkum alitoa begini kitabu kinene cha karatasi zilizobanwa, daftari la kituo lenye picha. "Namba ya nyumba yenu?"

"Arobaini na saba."

Kidole cha mwalimu kilishuka ukurasani, kikasimama. "Huyu hapa! Picha ni wewe kabisa, na kipini puani. Sugiya Devi, umri... mke wa..." Akasoma tena. "Mama Rekha, wewe umeolewa na nani?"

"Maswali gani hayo?"

"Hapa pameandikwa mke wa Bhorelal Mahto."

Sugiya aliziba masikio kwa mikono miwili. Lile lilikuwa jina la shemeji yake mkubwa, baba yake Bilat, na jina la kaka mkubwa wa mume lina uzito kuliko la mume mwenyewe. Miaka thelathini hakuwahi kulitamka, wala kuinua uso mbele ya mwenye jina mpaka siku alipobebwa maiti kwenda kuchomwa. Sasa anaambiwa serikali imemwozesha kwake.

Ndipo ile siku ikamrudia. Miaka mingi nyuma karani alikuja na meza ya kukunja, foleni ndefu, joto. Jina la mume? Akanyamaza. Jina la mume, mama, watu wanangoja! Akanyoosha kidole mbinguni: yule anayechomoza asubuhi. Alimaanisha jua. Karani akatazama orodha ya nyumba ile, wakati ule bado moja, ndugu wawili, mmoja mwenye jua ndani ya jina, mwingine mwenye alfajiri. Akauliza kwa sauti, Bhorelal? Na yeye, kwa kusikia jina la shemeji yake likitupwa hewani kama jina la mbwa, alijifunika uso na kuinamisha kichwa kwa heshima.

Karani aliona kichwa kimeinama. Akaandika.

"Miaka yote hiyo nimepiga kura," Sugiya alisema polepole, "kama mke wa... wa yule."

"Na hakuna aliyesoma mstari huo. Walikuwa wanatazama picha."

"Kuna mmoja amesoma," Sugiya alisema, akatazama ukuta.

Siku nne baadaye Kumkum alirudi na uso mrefu na karatasi ya wito. Pingamizi lilikuwa limeletwa. Mleta pingamizi: Bilat Mahto, mpiga kura wa jimbo hilohilo. Sababu: katika nyumba namba arobaini na saba hakuna mtu wa namna hiyo, marehemu Bhorelal Mahto hakuwa na mke aitwaye Sugiya. Shauri lingesikilizwa ofisi ya tarafa, Jumatatu, saa nne asubuhi.

Sugiya hakungoja Jumatatu. Alimkuta Bilat kwenye kibanda cha chai njia panda, miguu juu ya benchi, tambuu shavuni.

"Nirudishie kadi yangu."

"Kadi gani, mama mdogo?"

"Usiniite mama mdogo huku unaniandikia kwamba sipo. Mama mdogo asiyekuwepo anakukaripia vipi?"

Waliokuwa wakinywa chai wakaacha kunywa. Bilat akatema mate mekundu, akafuta mdomo. "Kadi yako mimi siijui. Ila daftari nimelisoma. Umejiandikisha mke wa baba yangu. Baba hayupo, hawezi kukataa. Kesho utasema wewe ni mjane wake, unataka nusu ya shamba. Mimi mtoto wa nani, nisione?"

"Shamba lako la mchanga lile? Mbuzi wangu wakilala pale huamka na njaa!"

Watu walicheka. Bilat hakucheka, na Sugiya akaliona hilo. Hasira ya mwizi na hasira ya mtu anayeogopa si moja. Mwizi hupandisha sauti. Bilat alikuwa amebana kikombe kwa mikono miwili kama mtu mwenye baridi. Aliogopa. Sugiya aliyahifadhi hayo, kama mtu anavyohifadhi bei ya mwisho ya mwenzake bila kumwambia.

Lakini kuhusu kadi alibaki na lake. Mtu anaweza kuogopa na kuiba vilevile.

Usiku ule alimpigia simu Surat.

"Sikiliza," alianza. Ndivyo alivyomwita siku zote: sikiliza. Akaeleza yote.

"Basi nitaje tu," Baba Rekha alisema kutoka upande wa pili, mashine zikinguruma nyuma yake. "Sitakufa kwa neno moja." Akaanza kukohoa, kikohozi kirefu chenye vituo.

"Maliza kukohoa kwanza," Sugiya alisema, "ndipo uniambie hutakufa."

Asubuhi alikwenda kituo cha polisi, maana Kumkum alimweleza kwamba fomu ya kuomba kadi mpya kwa sababu ya kupotea huambatanishwa na nakala ya taarifa ya polisi. Askari alikuwa na daftari kubwa na njaa ya saa sita.

"Imepotea au imeibiwa?"

Hapo Sugiya alisimama kwenye njia panda. Jina la Bilat lilikuwa limeshafika kwenye meno. Alimtazama askari, akatazama faili zilizorundikana ukutani zenye vumbi la miaka, kila moja kesi ya mtu aliyesema imeibiwa. Ukisema imeibiwa, unafungua mlango usiojua utafungwa lini.

"Kwa sasa," alisema, "andika imepotea."

"Kwa sasa?"

"Andika imepotea, mwanangu. Na gonga muhuri uonekane, siyo ule wa kivuli."

Jumatatu ofisi ya tarafa ilijaa. Kumkum alikuwa amejaza fomu tayari, ile ya nane, inayotumika kurekebisha maandishi na kuomba kadi mbadala. Ilikuwa inangoja dole gumba tu. Alimsomea Sugiya yote, hadi mstari wa ahadi: kadi ya zamani ikionekana, ataisalimisha.

"Rudia huo."

"Ukiiona kadi ya zamani, utairudisha."

"Wakiniletea waliyoiba nitairudisha. Rudia na ule wa jina la mume, lakini usiseme. Nionyeshe kwa kidole liko wapi."

Kumkum akaonyesha. Sugiya akatazama zile herufi kwa muda mrefu kama anayetazama meno ya mbuzi.

Afisa alikuwa kijana mwenye miwani, shati limelowa mgongoni, feni haifanyi kazi. Mbele yake palikuwa na mafaili, na pembeni karani mwenye kalamu.

"Sugiya Devi, nyumba arobaini na saba. Ni wewe?"

"Ni mimi, bwana."

"Pingamizi linasema mtu huyu hayupo pale. Daftari linasema mke wa Bhorelal. Kitambulisho chako kingine kina jina jingine la mume. Kimojawapo kina makosa. Nisaidie. Mume wako anaitwa nani?"

Sugiya akavuta sari. Kalamu ya karani ilining'inia hewani.

"Umeona, bwana?" Bilat alisema kutoka nyuma. "Jina la mumewe hajui!"

"Wewe nyamaza, sijakuuliza." Afisa akavua miwani, akafuta jasho. "Mama, desturi naijua. Mama yangu mzazi hajamtaja baba yangu hadi leo, humwita 'sikiliza'. Lakini mimi siwezi kuandika desturi kwenye nafasi ya jina. Mbele yangu kuna karatasi mbili zinazopingana na mtu anayeapa kuwa hupo. Nikiandika 'aliulizwa, hakujibu', unajua itasomekaje huko juu? Nenda kakae nje. Nasikiliza wengine wawili, halafu nakuita. Fikiria."

Nje kulikuwa na benchi chini ya dirisha. Bilat alikaa mwisho mmoja, kabrasha magotini. Sugiya alikaa katikati ingawa nafasi ilikuwapo tele. Kumkum alisimama na begi lake, hajui aende wapi.

"Bilat," Sugiya alisema bila kumtazama, "unaogopa shamba."

"Siogopi kitu."

"Nisikilize. Kama leo jina langu likikatwa, ule mstari wa mke wa baba yako haujafa. Umebaki kwenye madaftari yote ya zamani, miaka yote. Kesho nikiamka vibaya, naweza kwenda na nakala mahakamani. Nitashindwa, lakini kesi itakula miaka kumi, na wakili atakula ng'ombe wako. Umefikiria hilo?"

Bilat aliacha kutafuna.

"Ila mstari ule ukirekebishwa, mimi mwenyewe nikaweka dole kwamba sikuwahi kuwa mke wa baba yako, nina mume wangu na ni mwingine, nani tena ataweza kusema kitu? Mimi? Nimejifunga kamba shingoni kwa mkono wangu. Fomu yenyewe ile pale, kwa mwalimu."

"Unaniuzia nini, mama mdogo?" Jicho la Bilat lilikuwa limefinywa. "Wewe huuzi bure."

"Sauti yako."

"Nini?"

"Mimi siwezi kutaja. Wewe unaweza, ni baba yako mdogo. Uingie, useme mimi ni nani na mume wangu ni nani, kwa jina, mbele ya karani. Uondoe pingamizi."

"Nikishasema wewe utakataa kuweka dole."

"Na nikishaweka dole wewe utakataa kusema."

Walitazamana kwa mara ya kwanza. Walikuwa ndugu kwelikweli wakati ule, kwa namna walivyoaminiana.

"Mwalimu," Sugiya aliita, "hii karatasi ya Bilat, hapo chini aliposaini, pameandikwaje?"

Kumkum alikuwa na nakala. Akasoma kwa sauti ya darasani: mtia saini anathibitisha aliyoyasema ni kweli, na anajua kwamba tamko la uongo ni kosa, adhabu yake kifungo hadi mwaka mmoja, au faini, au vyote.

"Umesaini kwamba sipo," Sugiya alisema. "Na hapa nimekukalia ubavuni."

Bilat alilamba mdomo. "Niliandika kwa kufuata daftari. Mke wa baba aitwaye hivyo kweli hayupo."

"Kamwambie yule mwenye miwani. Labda atacheka."

Kisha alifanya kile anachofanya kila Jumatano. Alivua shali begani, akaitandaza juu ya mikono yao miwili, kwa namna wachuuzi wa mifugo wanavyoficha bei wasione wengine, vidole vikisema chini ya kitambaa. Alishika kidole kimoja cha Bilat, akakibana. Kitu kimoja kwa kimoja. Jina kwa dole. Bilat, ambaye alikua akimtazama mama mdogo huyu akifunga biashara namna hiyo, alijua kabisa maana yake. Kidole chake kilikakamaa. Kisha akabana naye, vidole viwili.

"Cha pili nini?" Sugiya aliuliza kwa sauti.

"Usiseme tena kwa watu kwamba nimeiba kadi."

"Hicho sijakubali. Kadi yangu haijaonekana."

"Basi usiseme mpaka ionekane."

Sugiya alifikiria. Akabana. Biashara ikafungwa.

Fomu iliwekwa dole hapohapo, wino wa zambarau, lakini haikuenda kwa yeyote kati yao. Mwalimu ndiye aliyeishika, kama mtu wa tatu anavyoshikilia kamba ya mbuzi hadi mnunuzi na muuzaji wamalizane. Bilat akisema, fomu inawasilishwa. Bilat akigeuka, fomu inachanwa. Kumkum aliishika kwa mikono yote miwili, uso umemwiva. Siku hiyo alijifunza kazi ambayo semina ya wahakiki haikumfundisha.

Walipoitwa, Bilat alisimama mbele ya meza.

"Huyu," alisema, akakohoa, "huyu ni mke wa baba yangu mdogo. Surujlal Mahto. Yuko Surat, hai. Huyu mama alinifungia kambani mbuzi wangu wa kwanza, na ananikaripia tangu nina miaka sita."

Sugiya alikuwa ameinamisha kichwa, uso umefunikwa. Safari hii aliinamisha mahali panapostahili.

"Kwa hiyo yupo?" Afisa aliuliza.

"Yupo, bwana. Tena yupo sana."

Karani aliguna, akajifanya anapenga kamasi. Afisa hakucheka. "Na hii karatasi yako isemayo hayupo?"

"Naiondoa. Nilisoma daftari, nikaona jina la baba, nikaogopa."

"Daftari ni kwa ajili ya kura, kijana. Shamba halihamishwi humu. Wakati mwingine ukiogopa njoo uulize, usije na kiapo." Akamgeukia Kumkum. "Mwalimu, ulikwenda nyumbani kwake? Picha ni yake?"

"Ni yake, bwana. Na kitambulisho kingine na kitabu cha benki vinakubaliana kwenye jina la mume. Fomu ya marekebisho hii hapa na taarifa ya polisi. Nakala zote nimeambatanisha."

Afisa alilinganisha karatasi moja baada ya nyingine, akinyoosha kidole kwenye kila jina, naye Sugiya alimtazama kwa jicho moja kupitia upindo wa sari. Alipenda kijana yule alivyofanya kazi. Hakuamini karatasi ya kwanza.

"Pingamizi limeondolewa, jina linabaki. Marekebisho nayapeleka. Kadi mpya itatoka na namba ileile ya zamani, ila jina la mume sahihi. Italetwa nyumbani na posta." Kisha, akiandika, aliuliza bila kuinua kichwa: "Na wewe mwalimu, kwa kumbukumbu zangu tu, mume wako anaitwa nani?"

Kumkum akaangalia sakafu. "Limo kwenye jalada langu la kazi, bwana."

Sasa afisa alicheka.

Majuma kadhaa yalipita, na kila Jumatano Sugiya aliporudi mnadani aliuliza kwanza kama mtu wa posta amepita, halafu kama amepita na kusimama kwa Bilat. Barua ilipofika alikuwepo mwenyewe. Hakuifungua mpaka Kumkum alipokuja.

"Soma."

Kumkum akasoma, na alipofika kwenye mume alionyesha kwa kidole.

"Herufi ni zilezile za kwenye fomu?"

"Zilezile."

"Asante." Kisha akaenda hadi dukani, akamwomba mwenye duka asome, bila kumwambia kwamba mwingine amekwisha kusoma. Kisha akamwonyesha binti wa mwenye duka, anayesoma shule ya mjini. Watatu walipokubaliana, aliiamini kadi. Nusu.

Baridi ikaingia. Alishusha blanketi zito la pamba kutoka darini, akaona mshono mmoja umeshonwa kwa uzi mwekundu, uzi wake mwenyewe, mishono mifupi mifupi ya mtu mwenye haraka. Alikaa chini. Akaukumbuka mchana ule, wiki ambayo Bilat alianza kupita na kabrasha: aliitoa kadi sandukuni kwa sababu Bilat alijua sanduku liko wapi, akaiweka chini ya godoro, kisha godoro nalo akaliona halifai, kisha...

Alichana mshono kwa meno. Kadi ilitoka, imejikunja kidogo, picha yake ya ujana ikimtazama kwa mashaka yaleyale.

Ingekuwa rahisi kuitia jikoni, moto ulikuwa unawaka. Lakini aliahidi kwa dole, na dole lake lilikuwa na thamani mnadani, hakutaka kulishusha bei nyumbani. Akaifunga kwenye upindo wa sari, akaenda shuleni. Mwalimu Kumkum alikuwa akisahihisha madaftari.

"Imeonekana," Sugiya alisema, akaiweka mezani.

"Wapi?"

"Mahali ambapo mwizi hawezi kufika."

Kumkum akaitia kwenye bahasha. "Na Bilat?"

"Tulikubaliana nisiseme mpaka ionekane. Imeonekana, sina tena la kusema." Akavuta sari. "Sasa nipe risiti kwamba nimeirudisha. Na uandike tarehe. Halafu nitampitishia huyo Bilat mtindi, asije akasema mimi mtu mbaya. Lakini ataula mbele yangu, nirudi na bakuli langu."